Kabla kamera haijawashwa: uchambuzi wa hotuba ya mwalimu wa Darasa la Nne kwa wazazi

Mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Nne, shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, anasoma shahada ya uzamili ya elimu. Utafiti wake unahusu jinsi watoto wanavyofikiri wanapojibu maswali ya sehemu: nusu, robo, theluthi. Anataka kurekodi vipindi sita vya dakika 40 kila kimoja. Darasa lina wanafunzi 58. Kibali cha chuo anacho, halmashauri imemruhusu, mwalimu mkuu ameridhia. Wamebaki wazazi, na wameitwa Jumamosi saa tatu asubuhi.

Kisa hiki ni cha mfano, na hakuna shule ya kwenda kuitafuta. Tumekijenga kutokana na namna utafiti wa video za darasani unavyofanyika na mahali unapokwama. Tunachokichambua ni hotuba yenyewe: alichosema mwalimu, alichokifuta kwenye rasimu, na maswali ya wazazi ambayo hotuba haikuyafikia.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi kabla hazijachakatwa. Kwa hiyo ule utaratibu tuliouzoea wa mikutano ya shule, "wanaokubali wanyooshe mikono", hapa haufai kitu. Mkono ulionyooshwa hauachi kumbukumbu, na mzazi wa tatu kwenye benchi ananyoosha kwa sababu wawili wa kwanza wamenyoosha. Hotuba ni ya kueleza tu. Ridhaa inatolewa baadaye, kwa fomu, nyumbani, mzazi akiwa ametulia.

Rasimu ya kwanza ya hotuba ilikuwa na sentensi ambayo karibu kila mtafiti huiandika: "Video hizi ni siri, hakuna mtu mwingine atakayeziona, na zitafutwa baada ya utafiti." Ina ahadi tatu, na zote tatu hazitekelezeki. Haiwezekani asione mtu mwingine, kwa sababu msimamizi wa chuo lazima aone angalau baadhi ya vipande, na lazima awepo mtu wa pili wa kuchambua sehemu ya video bila kujua mwenzake ameandika nini, ili majibu yao yalinganishwe. "Siri" nayo ina mpaka wake, tutauona kwenye maswali. Na "baada ya utafiti" si tarehe. Utafiti unaisha siku ya kukusanya video, siku ya kuwasilisha tasnifu, au siku makala yatakapochapishwa miaka mitatu baadaye? Mzazi hawezi kudai ahadi isiyo na siku.

Siku ya mkutano mwalimu alisema hivi badala yake:

"Wazazi na walezi wangu, wakubwa zangu shikamooni. Video hizi zitaonwa na watu watatu: mimi, msimamizi wangu wa chuo, na mwanafunzi mwenzangu mmoja ambaye hatoki kata hii. Yeye ataona kipindi kimoja na robo tu kati ya sita, kwa ajili ya kukagua kazi yangu. Zitafutwa tarehe 31 Desemba mwaka kesho. Siku hiyo nitaandika barua kwa mwenyekiti wa kamati ya shule kuthibitisha, na mzazi yeyote anaweza kuja kuisoma."

Inakubalika kwa urahisi kwa sababu ina hesabu. Tunashauri tu kwamba kabla ya kutaja tarehe, mtafiti asome kanuni za chuo chake. Vyuo vingine hudai data ghafi itunzwe miaka kadhaa, na aliyekwisha kuwaahidi wazazi mwaka mmoja hujikuta amefungwa na ahadi mbili zinazopingana.

Sasa uchambuzi. Hapa ndipo hotuba nyingi huharibika, maana mtafiti husema "tutachambua mwingiliano wa ujifunzaji" na mzazi anabaki na wazo lake la awali: mtoto wangu anachunguzwa kama ni mjinga. Mwalimu huyu alifanya jambo bora zaidi. Aliwasomea wazazi kipande cha mfano jinsi kitakavyoonekana kwenye karatasi, majina yakiwa ya kubuni:

Mwalimu: Nusu na robo, ipi kubwa?
(kimya, sekunde 1)
Mwalimu: Haya, Upendo.
Upendo: Robo.
Mwalimu: Kwa nini unasema robo?
(kimya, sekunde 4)
Upendo: Kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili.

Kisha akaeleza: "Mngekuwepo darasani mngesikia kwamba Upendo kakosa. Mimi ninachokitafuta kiko hapo mwisho. Mtoto ameangalia namba ya chini, akaona nne inaizidi mbili. Hakuropoka, amefikiri, ila amefikiri sehemu kama anavyofikiri namba nzima. Nisingemsubiri zile sekunde nne nisingelijua hilo. Darasani nikiwa na watoto 58 siwezi kuhesabu sekunde. Video inanihesabia."

Hizo sekunde si pambo. Tangu utafiti wa Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, wa miaka ya 1970 inajulikana kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha humtaja mwingine au hujibu wenyewe. Na kwamba mwalimu anapofikisha sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto hurefuka na sababu huanza kutajwa. Kwa hiyo anayepimwa kwenye video, kwa sehemu kubwa, ni mwalimu. Wazazi waliposikia hivyo, swali la "mnamchunguza mtoto" lilikwisha lenyewe.

Aliwatajia pia hatua za kazi bila kuzirefusha. Kwanza, video inasikilizwa na kila neno linaandikwa. Saa moja ya darasa lenye sauti nyingi hula siku nzima ya kuandika, wakati mwingine zaidi. Pili, majina yanabadilishwa palepale wakati wa kuandika, si mwishoni. Tatu, kila swali la mwalimu linapewa alama: ni la kukumbuka au la kueleza sababu, alisubiri sekunde ngapi, aliyejibu alikaa mbele au nyuma, ni msichana au mvulana. Nne, mchambuzi wa pili anaweka alama zake peke yake kwenye ile sehemu aliyopewa, kisha wanalinganisha. Wakitofautiana sana, kosa liko kwenye maelezo ya alama, nayo yanaandikwa upya.

Akamalizia na kile ambacho video hazitafanya. Hazitatumika kutoa alama za mtihani, hazitaingia kwenye ripoti ya tabia ya mtoto, wala hazitapelekwa kwa wathibiti ubora wa shule kumpima mwalimu yeyote. Hilo la mwisho halimo mikononi mwake peke yake. Alilisema kwa sababu wiki moja kabla mwalimu mkuu alikuwa amesaini karatasi ya kukubali hivyo. Kuahidi kwa niaba ya bosi wako bila saini yake ni kutafuta aibu.

Kwenye ulinzi, mwalimu alianza na simu, na alifanya vizuri, kwa sababu video za darasani huvuja mara nyingi kwa njia za kawaida kabisa kuliko kwa wadukuzi. Simu janja ya mwalimu imeunganishwa na akaunti ya picha ya mtandaoni. Usiku ikipata intaneti inapandisha kila kitu chenyewe. Mwenye simu hajui, na akifuta video kwenye simu, nakala inaweza kubaki juu. Hata ikifutwa kwenye Google Photos, iliyokwisha kupandishwa hukaa kwenye kapu la takataka siku 60 kabla ya kutoweka. Kwa hiyo: simu ya kurekodia ni ya kuazima chuoni, haina laini, haina akaunti ya mtu, na kitufe cha mahali kwenye kamera kimezimwa. Kisipozimwa, faili ya video hubeba ndani yake mahali iliporekodiwa, yaani shule yenyewe, hata kama jina la shule halitajwi popote. Faili iliyokwisha kubeba taarifa hizo husafishwa kwenye kompyuta kwa programu ya ffmpeg, hivi:

```
ffmpeg -i somo1.mp4 -map_metadata -1 -c copy somo1_safi.mp4
```

Amri hii haigusi picha wala sauti, inaondoa maelezo yaliyofungwa pamoja na faili. Hili halikusemwa mkutanoni, na halikuhitaji kusemwa. Wazazi waliambiwa tu kwamba faili haitaonyesha shule iko wapi.

Ukubwa wa faili nao una maana yake katika ulinzi. Kwa ubora wa 720p simu nyingi hutumia takriban megabaiti 60 kwa dakika, hivyo kipindi kimoja ni kama gigabaiti 2.4, na vyote sita havifiki 15. Kwa 1080p kipindi kinaweza kuvuka gigabaiti 4, na flashi nyingi za bei nafuu, zilizoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, hukataa faili moja inayozidi hapo. Mtu akikwama hivyo ndipo anapoanza kuituma video kwa WhatsApp au kumwomba kijana wa stationeri ainakili. Ubora wa 720p unatosha kuona nani anaongea. Ubao, kama hausomeki, unapigwa picha peke yake watoto wakishatoka.

"Jioni ileile," aliwaambia, "video itahamia kwenye kompyuta yangu, ndani ya sanduku la kidijitali linalofunguka kwa neno la siri. Nakala ya pili itakuwa kwenye diski iliyofungwa vilevile, kwenye kabati la msimamizi wangu chuoni. Kompyuta ikiibiwa, mwizi atapata kompyuta, video hatazipata." Sanduku hilo ni faili iliyotengenezwa kwa programu kama VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Faida yake inaonekana zaidi siku ya kufuta. Kufuta faili ya kawaida kwenye diski huondoa tu kumbukumbu ya mahali ilipo, na programu za kurudisha faili zinaweza kuipata. Faili iliyozaliwa simuni haikwepi hatari hiyo, ndiyo maana simu ya kuazima husimbwa, yaani data zake hufungwa kwa msimbo, na hurudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani kabla ya kurejeshwa chuoni. Vilivyomo ndani ya sanduku havisomeki tena neno la siri likishapotezwa makusudi. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba likisahaulika kabla ya wakati, utafiti umekwisha. Ndiyo sababu msimamizi hulitunza kwenye bahasha iliyofungwa, mbali na diski yenyewe.

Hotuba ilisahau kitu kimoja, na mama mmoja wa mstari wa nyuma alikiona: "Mwalimu, na hicho kidude cha shingoni?" Ni kinasa sauti alichokuwa amekivaa kujaribu. Chini ya paa la bati, mvua ikinyesha, kamera ya kona ya darasa haisikii kitu, hivyo sauti inarekodiwa pembeni. Faili hiyo ya sauti ni hatari kuliko video iliyofichwa nyuso, kwa sababu mwalimu anawaita watoto kwa majina yao kamili siku nzima. Ilibidi iingizwe kwenye fomu mkutano ukiendelea, kwa kalamu, kila nakala.

Kuhusu nyuso, mwalimu hakuahidi kuzitia ukungu, na tunaona alikuwa sahihi. Programu za kutia ukungu hufuata uso. Mtoto akigeuka nyuma na kurudi, zinampoteza kwa muda. Video ina picha kama 30 kwa sekunde, na picha moja tu iliyoachwa wazi inatosha kwa mtu anayetaka kuinasa. Halafu hata ukungu ukikaa sawa, sauti ipo, sare ipo, jina la shule limeandikwa ukutani. Jirani atamtambua mtoto kwa namna anavyokaa. Aliahidi kitu kidogo kinachotekelezeka: kwenye tasnifu na kwenye semina hakutaonyeshwa video kabisa, bali maandishi yenye majina ya kubuni, na pale mkao wa mtoto au ishara ya mkono ina maana, mchoro wa mistari uliofuatishwa kutoka kwenye picha, bila sura.

Fomu kwa hiyo ilikuwa na visanduku vitatu, kila kimoja na "ndiyo" na "hapana" yake: mtoto kurekodiwa, kipande cha maandishi yake kunukuliwa, na mchoro kutumika. Kuweka picha mtandaoni hakukuwa na kisanduku kwa sababu hakutakuwepo. Mzazi mmoja alipouliza kwa nini anasisitiza hivyo, mwalimu angeweza kumtajia jirani zetu: Septemba 2023 ofisi ya kulinda data ya Kenya iliitoza shule moja ya eneo la Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Tatizo gumu kuliko yote halikuwa la kiufundi. Mwalimu anawaomba ruhusa wazazi wa watoto anaowafundisha yeye. Mzazi atakataaje, wakati kesho mtoto atakuwa mbele ya mwalimu huyohuyo? Kusema "mko huru kabisa kukataa" hakuondoi hofu hiyo. Kinachoiondoa ni mpangilio. Fomu zilirudishwa ndani ya bahasha zilizofungwa, kwa mwalimu wa darasa jingine. Huyo ndiye aliyepanga viti vya siku za kurekodi. Kamera inasimama kwenye kona ya mbele, upande wa madirisha, mwanga ukiwa nyuma yake, na madawati mawili yaliyo pembeni yake kabisa, ukutani, hayaingii kwenye picha. Watoto ambao wazazi wao walikataa walikaa hapo. Na hapa ndipo penye akili: madawati hayo yana nafasi sita, waliokataa walikuwa watatu, na nafasi zilizobaki zilijazwa na watoto ambao wazazi wao walikubali. Mwalimu anayefundisha anaona watoto sita nje ya kamera bila kujua nani ni nani. Hakuna mtoto aliyetolewa nje wala kukosa somo, na viti vilibadilishwa wiki nzima ili isionekane kama adhabu.

Sauti za watoto hao watatu bado zinaingia kwenye kinasa. Mwalimu alilisema hilo waziwazi: wakijibu, kwenye maandishi patawekwa "(mtoto anajibu)" na maneno yao hayatabaki. Anayeondoa majibu hayo ni yule mwalimu wa darasa jingine mwenye orodha, kabla maandishi hayajaanza kuchambuliwa. Ni kazi ya ziada, na mtafiti asiye na mtu wa kumsaidia kwa hilo asiahidi.

Watoto wenyewe waliulizwa Jumatatu. Mwenye miaka tisa au kumi anaweza kusema hapana hata kama baba amesaini ndiyo, na hapana yake ndiyo inayoshika.

Maswali ya wazazi yalichukua muda mrefu kuliko hotuba. Bibi mmoja anayelea mjukuu alisema hajui kuandika. Alisomewa fomu nzima na mjumbe wa kamati, si mwalimu, akaweka dole gumba, mjumbe akasaini kama shahidi. Kijana aliyekuja badala ya dada yake alinyimwa fomu ya kusaini. Alipewa ya kumpelekea, kwa sababu kuhudhuria mkutano hakumfanyi mtu kuwa mlezi.

Baba mmoja alitaka nakala ya video ya mwanawe. Jibu la kwanza la mwalimu, "haiwezekani", lilikuwa la haraka mno. Mzazi ana haki ya kujua taarifa gani za mtoto wake zinatunzwa. Lakini video ya mwanawe ni video ya watoto wengine wengi pia. Alijirekebisha: baba ataona vipande vya mtoto wake shuleni, kwenye kompyuta, sehemu nyingine ya picha ikiwa imefunikwa, bila kuondoka na faili.

Swali lililofuata lilinyamazisha chumba. "Kamera ikiona mtoto anapigwa vibaya, au mtoto akisema jambo la nyumbani, utakaa nalo?" Huu ndio mpaka wa siri tuliougusa mwanzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwalimu alijibu: "Hapo sitakaa nalo, mzazi. Nitatoa taarifa panapohusika, hata kama anayehusika ni mimi au mwenzangu. Ndiyo maana sikusema kila kitu ni siri." Baadhi ya watafiti huliacha hili nje ya hotuba wakiogopa kuwatisha wazazi. Wanapolazimika kutoa taarifa baadaye, huonekana wamevunja neno lao, na shule nzima hufunga milango kwa mtafiti anayefuata.

Wa mwisho aliuliza kama anaweza kubadili mawazo baada ya kusaini. Anaweza, wakati wowote, bila kutoa sababu, kwa kumwambia yule mwalimu anayetunza fomu. Kabla ya tasnifu kuwasilishwa, maneno ya mtoto yanafutwa kwenye maandishi, na vipindi alivyoonekana havitazamwi tena hadi sura yake ifunikwe. Ikishawasilishwa, nukuu iliyochapwa kwa jina la kubuni haiwezi kurudishwa, ila video ghafi bado inaweza kufutwa mapema. Tarehe ya kuwasilisha iliandikwa ubaoni, na wazazi wakainakili kwenye simu zao.